Chelezo Alichokibeba Mzee Yohana

Asubuhi ile mama alikuwa anaanika mihogo juu ya bati, na mdogo wangu Neema alikuwa anafukuza kuku wasiidonoe. Baba alikuwa mlangoni akichokonoa redio iliyokuwa haisemi tangu Pasaka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na hasira yangu yote siku hiyo ilikuwa juu ya gauni langu la njano. Neema alikuwa amelivaa bila ruhusa na lilikuwa linaburuzika chini. Nilimwambia alivue, akacheka akakimbilia nyuma ya nyumba.

Wenye bunduki waliingia kijijini kwetu alasiri. Walikuja kimya. Mtu fulani alikuwa amewapa majina yetu, kwa hiyo hawakuvunja milango. Walisimama nje wakaita, kwa sauti ya jirani anayetaka kuazima jembe.

"Bahati! Bahati, uko?"

"Niko," baba akajibu, akatoka.

Hakurudi.

Tulipojificha kwenye shamba la miwa, tulikuwa familia chache, na aliyetuongoza alikuwa Mzee Yohana, katekista wetu. Yeye ndiye aliyegundua kwamba waliokufa wote walikuwa wameitika. Akatupa sheria, akatutaka tuirudie mmoja mmoja kama tunasoma katekisimu.

"Mutu akiita jina yako, nyamaza. Hata kama ni sauti ya ndugu yako. Jina yako ya kweli, uiache huku."

Mgala muue na haki yake umpe. Njiani wenye bunduki waliita majina yetu porini, jina la mama pia, na hakuna aliyeitika. Mimi ninaandika haya leo kwa sababu ya sheria ile. Sitamnyang'anya Mzee Yohana haki hiyo, hata nikikasirika vipi.

Tulifika mtoni. Daraja lilikuwa mikononi mwao na mitumbwi walikuwa wameichoma. Mzee akawaambia wanaume wakate migomba. Waliipanga mashina kwa mashina, wakaitoboa kwa miti iliyochongwa ili ishikane, wakaifunga kwa kamba za migomba hiyohiyo. Hicho ndicho kilikuwa chelezo chetu. Tulilala juu yake kifudifudi tukipiga maji kwa mikono na miguu.

Karibu na ng'ambo, kamba zilikatika.

Shina la pembeni lilichomoka. Neema alikuwa juu yake, amelikumbatia.

Maji yakamchukua. Hakulia. Alikuwa ameambiwa asilie.

Sisi wengine tulifika. Kwenye kambi ya ng'ambo watu walituandika majina, na Mzee Yohana akatusimamia kila mmoja ataje jina la uongo. Baada ya siku chache gari lilikuja na kipaza sauti, likazunguka katikati ya mahema. Mwanamke alikuwa anasoma majina ya watoto waliookotwa kando ya mto.

"Neema, mtoto wa Bahati na Furaha. Furaha, uko?"

Mama alisimama.

Mzee Yohana alimshika mkono. "Ikala. Ni mutego. Ndivyo walimuita Bahati."

Mimi nilifungua mdomo, kiganja chake kingine kikaufunika.

Gari likazunguka tena. Likaita tena. Mama alikuwa ameketi, ameuma shuka.

Gari likaondoka. Ndipo jirani wa hema la pili akaja kutuambia amemwona mtoto mle ndani, amevaa gauni la njano refu kuliko yeye. Mama alikimbia hadi barabarani bila viatu. Alipokwenda kuuliza ofisini, wakamwambia kwamba kwenye karatasi zao hakuna Furaha yeyote pale kambini. Na kweli hakuwepo. Mzee alikuwa amehakikisha.

Miaka mingi imepita. Tunaishi mtaa wa Lozells sasa, nchi ya mbali, na Mzee Yohana anaishi mitaa mitatu kutoka kwetu, maana waliovuka pamoja walipokelewa mji wa Birmingham pamoja. Kila mwaka tunafanya ibada ya shukrani kwenye ukumbi wa kukodi, mtaa wa Washwood Heath, na kila mwaka mzee anasimama mbele na kusimulia ile sheria, na watu wanasema amina. Bado inashikwa. Mama akigongewa mlango hajibu mpaka achungulie dirishani. Kuna ofisi ya kutafuta ndugu waliopotezana vitani ambayo iko tayari kumtafuta Neema, lakini inataka jina la kweli la mama, alitaje mwenyewe. Mama hataki. "Mzee alikataza," ananiambia, mwanamke wa miaka sabini.

Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, kuna mwenzangu anayeitwa Dilini. Ni Mbudha kutoka Sri Lanka, na kwao pia walipigana. Siku moja tukikunja mashuka nilimsimulia. Aliliweka shuka chini, akaniambia mfano alioutoa Buddha mwenyewe.

"Mtu yuko safarini, anafika kwenye maji mapana. Upande alioko ni wa hatari, upande wa pili ni salama. Hakuna mtumbwi wala daraja. Anakusanya nyasi, vijiti, matawi na majani, anavifunga kuwa chelezo, anavuka kwa nguvu za mikono na miguu yake. Akifika anasema, chelezo hiki kimenifaa sana, nitakibeba kichwani popote niendako. Je, anakitendea inavyopasa?"

"Hapana."

"Basi akivute nchi kavu, au akiache kielee, aende zake. Buddha alisema mafundisho yake ni hivyohivyo, ni ya kuvukia, siyo ya kung'ang'ania. Hata yaliyo mema yataachwa, sembuse mabaya."

Nilimwambia kuna kijana wa mtaa wa Balsall Heath, anayetufundisha wakimbizi kutuliza akili, ambaye naye alitutajia chelezo. Yeye alituambia tuache yote, tusahau vita.

Dilini alikunja uso. "Huyo amekisoma nusu. Anayekitupa katikati ya mto anazama. Na chelezo si mto, wala si watu uliokuwa nao. Kinaachwa ulichovukia, baada ya kuvuka."

Nilikwenda kwenye ibada nikiwa nimevimba kwa hasira. Mzee Yohana alipomaliza, nilisimama. Nikawasimulia ule mfano wote. Nikasema, "Mzee, sheria yako ilituvusha. Asante. Lakini tulikuwa tumeshavuka gari lilipoita. Tulikuwa nchi kavu, na wewe ulikuwa na chelezo kichwani, na ukamwangushia mdogo wangu."

"Hayo ni maneno ya wapagani," alisema mzee. "Mimi niliokoa batu."

"Uliokoa. Kisha ukakataa kukiacha."

Mzee alitazama mikono yake, ile aliyotushikia, na kwa mara ya kwanza nikaona amezeeka. Sikumhurumia. Ningependa kusema nilimhurumia.

Mama aliinuka kwenye kiti cha nyuma. Neema, kama yu hai, ni mtu mzima ambaye labda ana watoto, na labda amewaambia kwamba mama yake aliitwa kwa kipaza sauti akakataa kumpokea. Kama hayupo, alikufa akijua hivyo. Hilo hakuna ofisi itakayolirekebisha, na mama alilijua aliposimama. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Mimi ni Furaha, muke wa Bahati, mama ya Neema," alisema kwa sauti ya mtu anayetaka asikike barabarani. "Niko."