Nusu ya Kidokezo cha Namba Nne

Kaka yangu alikuwa na magoti mabovu na mtihani mmoja uliobaki. Alishaanguka mara mbili katika mtihani wa ufundi wa zege, na akianguka mara ya tatu ilikuwa basi. Mwenye kujenga bweni la shule kule Endebess alikuwa amemwambia wazi: leta cheti, nikufanye msimamizi, usipoleta, karai zipo. Alikuwa amebeba karai tangu mimi niko darasa la tatu. Hizo karai ndizo zilizonisomesha mpaka nikawa mwalimu wa ujenzi katika chuo kimoja Bungoma, kwa hiyo sikuwa na mahali pa kuficha uso.

Kila Jumamosi alitoka kwake Tuwan, Kitale, akaja Bungoma kukaa kwenye darasa langu la mafundi, dawati la mbele, kofia magotini. Mbele ya wenzake aliniita mwalimu, tena kwa heshima kubwa mno, na mimi nilijua ananichokoza. Noti hakuwa akisoma. Lakini gazeti la jana likifika kwenye saiti, lazima ajaze fumbo la maneno kabla chai haijapoa. Hilo nililijua tangu utotoni.

Wiki tatu kabla ya mtihani, injinia mmoja alikuja kutufundisha kuhusu zege. Alizungumza saa mbili, nami nikamrekodi kwa simu. Jambo lililowagusa mafundi lilikuwa maji. Kila fundi, zege likimkazia mkono, hutupia maji kidogo ili lichoteke. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia. Injinia akasema: "Maji hulainisha zege, lakini yakizidi uwiano wake na saruji, zege hupoteza nguvu. Ukitaka kuongeza maji, ongeza na saruji." Kaka yangu aliguna kwa sauti. Tukiwa nje aliniambia, "Ati miaka yote hiyo nimekuwa nikiharibu nyumba za watu? Sasa si naacha leo."

Mkuu wa idara yetu, mzee mpole wa papo hapo Bungoma, ndiye aliyesukuma kazi yenyewe mikononi mwangu. "Mwarimu," akasema, "hawa watu wa Jumamosi hawasomi noti, bana. Watafutie kitu kingine."

Nikamfikiria kaka na gazeti lake. Nikaona mwanga: ningewatungia fumbo la zege. Nilishukuru Mungu, kweli.

Nilisikiliza ile rekodi mara tatu, nikaandika maneno kumi na mawili yaliyobeba somo. Nikachukua daftari la hesabu, lile lenye vyumba vidogo, na penseli na kifutio. MCHANGA nikauweka katikati kwa sababu ndio uliokuwa mrefu kupita yote. Kupitisha KOKOTO kwenye NONDO hakukunipa taabu, maana zote zimejaa O. SARUJI nikailaza, MAJI nikayateremsha, yakakutana kwenye J. Nilifurahi kama mjinga kuona maji na saruji vimeshikana kwenye karatasi kama vinavyoshikana kwenye beseni. Nikajaribu kuteremsha UWIANO kutoka kwenye ile U ya SARUJI, ikakataa: U na J zimekaa jirani, W ya neno moja ikabanana na I ya lingine, na hapo msomaji angeona neno lisilokuwepo. Nikaifuta, nikaihamishia kwenye N ya MCHANGA. Ikakubali.

Kisha vidokezo. Vile vingi nilivinyofoa kwenye maneno ya injinia jinsi yalivyo. Nilipofika namba nne kwenda chini, MAJI, nikaandika sentensi yake nzima, nikiacha neno maji tu, na nikaridhika. Halafu nikaisoma tena. Neno uwiano limo ndani, na UWIANO ni jibu la namba saba. Nguvu imo, na NGUVU ni jibu la namba kumi. Saruji nayo imo. Fumbo lenye kidokezo kinachotaja majibu ya vidokezo vingine ni fumbo la mtu mvivu. Nikakata. Kikabaki: "Hulainisha zege lililokaza." Namba saba nikaiandikia: "Kiasi cha kitu kimoja kikilinganishwa na kingine." Fumbo likawa safi, na hakuna uongo hata mmoja ndani yake. Nilijipongeza.

Kaka yangu alilipenda. Alilijaza, akafuta, akajaza tena, alitembea nalo kwenye mfuko wa shati wiki mbili. Noti akazisahau kabisa. Nikimpigia simu ananitajia vidokezo kwa kichwa, namba baada ya namba, nami nacheka. Nilisikia namba nne zaidi ya mara moja. Nilicheka na hiyo pia.

Mtihani wa vitendo ulifanyiwa Kitale. Nilienda, nikasimama nje ya uzio wa waya pamoja na jamaa wa watahiniwa wengine. Kila fundi alipewa mchanga, kokoto, saruji na maji yaliyopimwa, achanganye, halafu zege lake lipimwe kwa koni ya chuma: unajaza tabaka tatu, kila tabaka unashindilia mara ishirini na tano, unanyanyua koni taratibu, unapima limeshuka kiasi gani.

Kaka alichanganya vizuri. Lakini kokoto zilikuwa kavu mno, zikanywa maji, na zege likakaza. Nilimwona akisimama, sepetu mkononi. Akaangalia mfuko wa saruji, akaangalia jagi la maji. Niliwaza, saruji kwanza, kaka yangu, tafadhali. Kisha uso wake ukafunguka, kama mtu aliyekumbuka. Midomo yake ilitembea. Akalichukua jagi peke yake.

Nilishika waya mpaka ukaniachia alama viganjani. Kupiga kelele ni kumfukuzisha. Kunyamaza ni kumwacha amwage. Nikanyamaza. Akamwaga, akaongeza, na msimamizi wa mtihani akamuuliza kitu ambacho sikukisikia. Kaka akamjibu kifua mbele. Koni iliponyanyuliwa zege halikushuka tu, lilitandaa ubaoni kama uji uliokosa unga. Msimamizi hakupima hata. Aliandika tu.

Alipotoka alinikuta nalia. "Usilie, mwalimu. Ameniuliza kwa nini, nikamwambia vile umeandika. Maji hulainisha zege lililokaza. Si ndio hivyo?"

"Ndio hivyo," nikasema. "Lakini kulikuwa na nusu nyingine."

"Ile ya injinia. Hiyo nilikuwa nimeishika. Halafu nikaona wewe hujaiweka, nikasema labda si ya mtihani. Wewe ndio unajua."

Natamani angenitukana. Alikaa kwenye jiwe, akanyoosha magoti moja moja kwa mikono, akatoa lile fumbo mfukoni, limelainika kwa jasho, akanipa nisahihishe. Alitaka walau hilo. Nikatoa kalamu nyekundu nikiwa nimesimama pale barabarani, nikapitia chumba kwa chumba. Kumi na mbili juu ya kumi na mbili.

"Na hiyo nusu," akauliza, "uliikata kwa nini?"

Nikamwambia ukweli. Ilikuwa inataja jibu la namba saba, na mtunzi hatakiwi kumpa mtu jibu bure.

Alilitazama fumbo, kidole chake chenye nyufa za saruji kikishuka kwenye vile vyumba sita vya UWIANO.

"Lakini dada," akasema, "namba saba ndiyo nilijaza kwanza."