Nembo Mia na Themanini za Pak Ngatiman

Pak Ngatiman alikuwa mpanga kurasa wa gazeti hadi gazeti likafungwa. Ndipo akaja kukaa meza ya pili kwenye duka letu la kuchapa na kunakili, nyuma ya chuo, hapa Yogyakarta. Ni mtu wa maneno machache, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Chakula chake cha mchana ni wali na tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, kwenye jani la ndizi, nacho hukila polepole mno. Mimi, Warsiti, ndiye niliyekuwa na sifa ya wepesi. Sifa hiyo niliipenda kuliko nilivyostahili.

Mwanafunzi akija na tasnifu nzito kuliko chuo kinavyokubali, nilikuwa na dawa moja: nabonyeza, picha zinapunguzwa ukali, faili linakonda. Dakika mbili. Pak Man, yaani Mzee Man kama tulivyomwita dukani, yeye alilifungua faili na kulipekua kipande kwa kipande.

"Pak Man, unachambua mchele?" nilikuwa namtania mbele ya wateja. "Watu wana haraka zao!"

"Uchambue, usije ukala mawe," alijibu, na kuendelea.

Siku moja mwanafunzi aitwaye Yudho alirudi saa saba mchana, macho mekundu. Alikuwa wa kilimo, na tasnifu yake ilihusu wadudu wanaotaga mayai ndani ya mashina ya mpunga. Faili lake la megabaiti arobaini na sita nilikuwa nimelibana jana yake likashuka hadi nane, chini ya kumi zinazoruhusiwa.

"Bu War, Profesa ameirudisha," alisema; Bu ni mama kwa lugha yetu. "Ameniuliza mayai yako wapi. Kwenye picha kuna ukungu tu. Ameniuliza mbele ya wenzangu kama kweli niliyahesabu au nilijitungia namba."

"Si ungezitazama picha kabla ya kutuma?" nikamjibu. Ndiyo, nilimwambia hivyo. Mungu anisamehe.

"Niliwaamini, Bu. Mlango wa kupokea tasnifu unafungwa saa tisa. Nikikosa leo, sihitimu mwaka huu. Mama ameshashona kebaya, vazi lake la kuvaa kwenye mahafali."

Nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Pak Man akakunja jani lake, akanawa mikono.

"Lete lile la mwanzo, mwanangu. Lile zito."

Yudho akampa flashi. Nikasogea nyuma yao, nikijifanya natafuta wino.

"Picha zako zote za mpunga ni megabaiti saba," Pak Man akasema. "Hizi hatuzigusi. Tutafute mafuta yaliko."

Alikuta vijipicha vidogo vya kila ukurasa vilivyohifadhiwa ndani ya faili bila kazi yoyote, kwani programu za siku hizi hujitengenezea vyake. Akavifuta. Akakuta fonti nzimanzima zilizotoka kwenye kiolezo cha idara, ambazo hakuna hata herufi moja ya tasnifu iliyozitumia. Akazitoa. Faili likashuka hadi thelathini na tano. Bado.

Kisha akaisogeza miwani, akaikaribia skrini.

Chuo kinataka nembo yake, hafifu, nyuma ya maandishi ya kila ukurasa. Kuipiga nembo hiyo ni kazi ya duka, na aliyeipiga kwa Yudho ni mimi, kwa programu yangu ya haraka. Kurasa mia na themanini. Badala ya kuiweka nembo mara moja na kurasa zote ziiazime, programu ile ilikuwa imeingiza nakala mpya kwa kila ukurasa. Nembo mia na themanini, megabaiti ishirini na saba. Uzito ule niliuweka mwenyewe, kisha nikaenda kuukata kwenye mayai ya yule kijana. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Pak Man akabakiza nembo moja, akaelekeza kurasa zote kwake. Faili likatua kwenye nane na ushei, chini ya kumi. Akakuza picha mojawapo: mayai yale, meupe, yamejipanga ndani ya shina, yanahesabika moja moja.

Saa nane na dakika arobaini, chuo kikapokea.

"Kumbe uzito wote ulikuwa nembo!" Yudho akasema huku akipangusa macho. "Zimeingiaje nyingi hivyo, Pak?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Ah, programu hizi," Pak Man akasema, bila kunitazama. "Zina mambo yake."

Yudho akainama, akaubusu mkono wa Pak Man kwa heshima. Kisha akanigeukia mimi. "Asante sana, Bu. Nisamehe kwa kuja na hasira."

Nami nikampa mkono wangu, akaubusu.