Babu Ahamia Slaidi ya Mwisho

Ofisi ya Zakariya na Wanawe, mafundi wa majokofu na vyumba vya baridi, iko ghorofani Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, juu ya duka la vinyago ambalo halijauza cha maana tangu meli ya mwisho ya watalii ilipong'oa nanga. Zakariya mwenyewe ni marehemu. Wanawe wamebaki mmoja, Jaffar, na chini ya Jaffar yuko Swafia, binti wa nduguye, ambaye kazi yake ni kutafuta wateja kwa kutumia marehemu.

Si maneno ya kejeli. Swafia alirithi wasilisho la kampuni likiwa tayari kwenye kompyuta, na robo tatu ya slaidi zake zilikuwa za huyo Zakariya, Babu yake. Babu na kofia yake ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono. Babu na mtambo wake wa kwanza wa barafu. Babu akipeana mkono na bwana mmoja ambaye hakuna tena aliyemjua jina, ila wote walikubaliana kuwa alikuwa mtu mkubwa. Mambo ya majokofu yalianza pale ambapo msikilizaji wa kawaida alikuwa ameshaanza kuitazama saa. Mwenye hoteli wa Nyali alimvumilia Babu mpaka kwenye barafu, kisha akatoa simu yake. Mteja wa kabla yake hakufika hata kwenye barafu.

"Kazi hii ya Liwatoni ndiyo ya mwisho," ami yake Jaffar alimwambia. "Ikipotea, nitatoka mwenyewe kutafuta wateja, nawe urudi kwenye simu."

Swafia alikuwa amekaa kwenye simu miaka ya kutosha kujua kwamba wapigaji wengi huwa wamekosea namba. Hakukusudia kurudi.

Mteja wa Liwatoni, kwenye bandari ya wavuvi, ilikuwa kampuni inayonunua samaki, inawagandisha na kuwauza ng'ambo. Meneja wake, Jael, alitoka Kisumu, akaja Mombasa kufanya kazi ya samaki kana kwamba kwao hawakuwako. Swafia alimwendea mikono mitupu, bila kompyuta, akasimama naye mbele ya chumba cha baridi na kumuuliza swali moja tu: "Dada, chumba hiki chakusumbua vipi?"

Jael hakuhitaji kubembelezwa. "Umeme unakatika usiku, na sisi tunajua asubuhi, samaki wakiwa wamelegea. Tukimwita fundi, anafungua, anatikisa kichwa, halafu anaenda kutafuta kipuri. Mafundi wa mji wenu wote huja mikono mitupu! Na wanunuzi wetu wanataka vipimo vya joto vya usiku na mchana. Vyetu anaandika mlinzi. Kwa mlinzi, chumba hakijawahi kupanda joto hata digrii moja, hata ile siku mtambo ulipokufa."

Swafia aliyashika maneno hayo kama yalivyotamkwa. Aliporudi Ndia Kuu alimwondoa Babu kwenye wasilisho, na Ami Jaffar akasimama nyuma ya kiti chake kama mtu aliyeona jeneza likipita pasipo kuarifiwa.

"Babangu yuwapi?"

"Nimemtoa, Ami."

"Umemtoa! Wewe waingia nyumbani mwa watu, hujasema u mwana wa nani, waanza kusema habari za vipuri? Hizo slaidi ni salamu, mwanangu. Sisi si watu wa kuingia pasi na salamu."

Hoja ilikuwa nzito. Katika Mji wa Kale mtu aweza kusamehewa deni, lakini si kupita bila kuamkia. Swafia akageuza kiti.

"Ami, ukiingia kwa Bi Maisara hapo jirani, wamwambiaje?"

"Hujambo. Nyumbani hawajambo? Goti lako laendeleaje? Kwani hujui?"

"Hujamwambia wewe ni nani."

"Nimwambie ya nini, naye yuanijua?"

"Na asiyekujua? Humuulizi hali?"

Swafia aliinyoshea kompyuta kidole.

"Salamu yauliza hali ya mwenyeji, Ami. Slaidi zako zajiamkia zenyewe na kujijibu. Huyu Jael amenambia hali yake kwa kinywa chake. Goti lake ni chumba cha baridi. Nikimfungulia Babu, ni kama sikumsikia."

Ami alikwenda dirishani, akatazama chini vinyago visivyouzwa vilivyopangwa barazani. "Usimtupe kabisa," alisema mwishowe.

Basi wasilisho likawa fupi. Kila slaidi ilibeba tatizo moja, na kichwa chake kilikuwa maneno ya Jael mwenyewe. Chini yake, kampuni ingefanya nini na ilishafanya hivyo wapi. Kipimajoto chenye betri yake na laini yake ya simu, ili umeme ukikatika kisife pamoja na mtambo bali kipige kelele kwenye simu. Kipimajoto hicho hicho kingejiwekea vipimo na saa zake, mlinzi apumzike na utunzi. Mtambo ungekaguliwa kwanza, na vipuri vinavyoharibika mara kwa mara vikawekwa pale pale Liwatoni. Ushahidi ulitoka kwa mwenye bucha wa Majengo, aliyeombwa ruhusa kwanza. Na Swafia akaongeza sentensi ambayo Ami aliiona ni uhaini: kwamba hawawezi kuzuia umeme kukatika.

Kabla ya siku yenyewe alimpigia Jael. Bado ndivyo hivyo? Jael akasema vipimo vitangulie sasa, mnunuzi ameanza kutisha, na kwamba mkuu wake wa fedha, Ronald, atakuwapo. Swafia akapanga upya.

Siku ilipofika, Jaffar alifuatana naye Liwatoni, naye ndiye aliyesalimia. Alisalimia vizuri na kwa kirefu, kwa kinywa, akaulizia safari, afya na watoto wa watu ambao hajawahi kuwaona. Kisha skrini ikawaka, na slaidi ya kwanza haikuwa na Babu wala jina la kampuni. Iliandikwa: *Vyetu anaandika mlinzi.*

Jael akacheka. "Haya ni maneno yangu!"

Ronald hakucheka. Ilipofika slaidi ya mafundi wa mikono mitupu, alimgeukia Jael. "Kwani wanakuja bila vipuri? Kila mara?"

"Si nilikuandikia?"

Wakaanza kuzungumza wao kwa wao, mambo yao, kwa moto. Jaffar alivuta pumzi ya kuingilia na kuwaeleza habari za barafu. Swafia akamsogezea kikombe cha chai, kwa uthabiti, mpaka kikagusa mkono wake. Akanywa.

"Hiyo simu ikilia usiku wa manane," Ronald aliuliza, "nani anaamka?"

Swafia hakuwa na slaidi ya hilo. 

"Mimi," alisema Jaffar. "Nyumba yangu i karibu, na usingizi sina. Muulizeni huyu."

"Ni kweli," Swafia alisema. "Hutupigia sisi bila sababu."

Ronald akaandika kitu. Wakaafikiana kuanza na chumba kimoja kwa majaribio, na ikithibitika, vyote. Jael akaomba aachiwe slaidi, akawaonyeshe wakubwa wake yale aliyokuwa akiwaambia muda wote huu.

Swafia alibonyeza ya mwisho, yenye namba ya simu. Pembeni, akiwa mdogo kama stempu, alikaa mzee mwenye kofia ya vito.

"Na huyu ni nani?" Ronald akauliza.

Jaffar akaweka kikombe chini. Maisha yake yote alikuwa akimjibu swali hilo mtu ambaye hajaliuliza. Sasa limeulizwa.

Swafia akafunga kompyuta, akaagiza chai nyingine; habari ya Babu haikuwa fupi.