Mkono wa Mzee na Mwaka wa Ajali

Kila asubuhi nilimkuta mzee mmoja, fundi wa vyuma kutoka Katwe, amekaa mapokezi ya kampuni ya bima tuliyokuwa tukiikagua huko Nakawa. Lori lenye bima ya kampuni hiyo lilimponda mkono wa kulia, na tangu siku hiyo hajashika nyundo. Nilimsalimu, naye, akiniita bibi kwa Kiganda, alinijibu kwa swali lilelile kuhusu ukaguzi wetu: "Nyabo, odita imeisha?" Nilidhani ananitania.

Mimi nilipewa nikague akiba ya madai, yaani fedha zinazotengwa kwa ajali zilizokwisha kutokea ila hazijalipwa. Mtaalamu aliyeikadiria alikuwa amepanga malipo yote kwa mwaka wa ajali, akaona baada ya mwaka wa nne hakulipwi kitu, akadhania madai yote huishia hapo. Jedwali lilikuwa safi mno. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kesi za majeruhi ninazozijua mimi hazina haraka hivyo.

Nikaomba mafaili, na la mzee likawemo. Aliumia miaka saba nyuma, lakini kwenye kompyuta ajali yake ilikuwa ya mwaka huu! Karani wa madai hakunificha. Faili lisiloguswa kwa miaka minne hufungwa. Mwenyewe akirudi, hufunguliwa kwa namba mpya, na siku ya kufunguliwa ndiyo hujazwa kama siku ya ajali.

"Ndivyo nilivyofundishwa, dada," alisema. Ningemkuta mwizi ningejua la kufanya.

Nilimpigia mtaalamu. "Mimi nakadiria kwa takwimu ninazopewa," alijibu, na alisema kweli. Nikarudisha kila ajali ya sampuli yangu kwenye mwaka wake, nikakokotoa upya. Madai yaliendelea kulipwa mpaka mwaka wa nane, na akiba waliyotenga haikutosha.

Bosi wangu alisoma kurasa zote, akanisifu. Kisha akauliza kama upungufu unavuka kiwango tulichokiweka cha kosa kubwa. Hauvuki, nikasema.

"Basi makadirio yao yamo ndani ya mipaka inayokubalika. Tutawaandikia barua warekebishe tarehe."

Kwa kanuni zetu hakukosea, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Nilikasirika, lakini sikuwa na wa kumkasirikia.

Siku tuliyotia sahihi ripoti ya ukaguzi, mzee aliuliza tena. Nikamwambia imeisha.

"Basi watalipa. Waliniambia pesa yangu inangoja nyinyi."

Nilisimama pale na begi langu. Dai la mtu halingoji mkaguzi, nilimweleza, aende akawabane. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu aliyezoea visingizio, na hiki sasa kilikuwa changu.

Mwaka uliofuata tulirudi. Barua yetu ilikuwa imejibiwa kwa neno moja, "Imezingatiwa," na tarehe zilikuwa zilezile. Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Aliponiona alisogea ili nipite na mizigo yangu.

"Nyabo," akasema, "odita imeanza?"