Tano Mara Moja

Jirani yangu, mama mmoja wa mtaa wa Mbotela, alirudi nyumbani Jumamosi, baada ya kulazwa hospitalini kwa sababu ya damu iliyoganda mguuni. Kabla sijavua viatu, binti yake alikuwa mlangoni kunichukua. Mimi ni muuguzi, na mtaani kwetu muuguzi hana siku ya kupumzika.

"Sista, kuja utusomee hii karatasi ya hosi. Wameandika ni kama wanakimbizwa."

Nilikaa mezani pao, nikasoma. Uzito: 68. "Kilo," nilisema bila kusita, na mama akanuna kidogo kwa kutangazwa hivyo. Warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda: 5 x 1. Tano ya nini, hawakuandika.

Binti alikuwa ameshapanga vidonge vitano kwenye kisahani. Singeweza kumlaumu. Bahasha za dawa huandikwa hivyo kila siku: 1 x 3, kidonge kimoja mara tatu. Naye alisoma kama alivyozoea.

"Amemeza?"

"Bado. Anangoja chai."

Nikageuza pakiti. Kila kidonge kilikuwa miligramu tano. Vitano kwa mpigo vingeweza kumvujisha damu ndani kwa ndani. Nikavirudisha vinne kwenye pakiti.

"Kumbe ni moja," binti akasema. "Basi andika hapo miligramu, tusisahau."

Nilitaka kuandika nikalale. Lakini mstari wa chini ulisema INR, na mbele yake hapakuwa na kitu.

"Na hiyo nayo imekosa miligramu?"

"Hiyo haina kipimo cha miligramu wala cha kilo. Ni namba tu, inaonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Namba yenyewe ndiyo haipo. Kidonge nakijua. Kama anakihitaji leo, sijui."

Neno sijui halipendwi mezani kwa watu. Binti alinitazama kana kwamba namnyima kitu. Nikapiga simu wodini.

Muuguzi wa zamu alienda kutafuta faili, akakawia. Aliporudi alikuwa anaongea polepole. Ndiyo, miligramu tano, kidonge kimoja kwa siku. Ila majibu ya INR yalitoka maabara mama akiwa ameshaondoka: 5.2, na kwake yanatakiwa yawe kati ya mbili na tatu. Alimuuliza daktari, kisha akasema mama asimeze leo, arudi kesho asubuhi apimwe tena. Akitokwa na damu popote, au choo kikiwa cheusi, aletwe saa hiyohiyo.

Nilimuuliza mama kuhusu fizi, pua na choo. Hapakuwa na damu. Nikakiondoa kile kidonge kilichobaki.

"Hata hiyo moja?" akauliza.

"Hata hicho, mama."

Akakoroga chai yake.

"Ungesema nimeze, ningemeza," akasema. "Wewe huwa sikuulizi mara mbili."