Mfupa Uliochoka

Nilikuwa tarishi wa boma la Kilwa, na kukaa kitako kulinishinda. Barua ikiwa ya Njinjo, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, niliondoka wino haujakauka. Basi mguu wangu wa kulia ulipovimba juu, nyuma ya vidole, bila kujikwaa wala kuanguka, niliendelea kuukanyagia mpaka nikachechemea mbele ya Bwana Shauri, mzungu mkuu wa boma. Akaniona mvivu.

Dresa wa zahanati alibonyeza penye uvimbe, nikaruka. "Mfupa una ufa," alisema. Akapitisha kidole chini ya upinde wa wayo wangu. Upinde huo, alieleza, hulegea kidogo ukilemewa, kisha hujikaza kisigino kinaponyanyuka na uzito wa mwili kuhamia mbele. Hapo mifupa mirefu mitano ndiyo hubeba. Wa pili umebanwa shinani na vifupa vya katikati ya mguu, hauna pa kusogea. Ukibebeshwa kila siku bila kupumzishwa, huchoka ukapasuka. Dawa yake ni kukaa.

Nikakaa barazani nikigombana na kila apitaye, hata kuku.

Mama akaniuliza nilianguka wapi. Nikamwambia sikuanguka popote. Akashika tama. Kwake yeye, mfupa haupasuki wenyewe. Lazima kuna mkono wa mtu. Akaanza kufunga mzigo, maana kwao Njinjo yuko mganga anayejua mambo hayo.

"Tutafikaje, mama?"

"Kwa miguu, mwanangu. Wewe si tarishi?"

Nilikuwa nimeshasimama.