Kikaango Nilichokichuna

Kwetu Ikutha, msichana alijulikana kwa sufuria zake. Tulizisugua kwa mchanga wa mtoni, ndani na nje, hadi hata tako la sufuria ling'ae, kisha tukazianika juani mgeni azione akiwa bado njiani. Mimi nilikuwa hodari, na sikuona haya kujisifu.

Ndiyo maana wiki yangu ya kwanza ya kazi Kitui mjini, nilipokuta kikaango cheusi tii ndani, nilimhurumia mwenye nyumba. Alikuwa mjane wa Kiislamu, familia yake ilitoka pwani zamani, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Nikajiambia maskini, haoni masizi. Nilichukua waya ya chuma na mchanga niliokuja nao kwenye mfuko, nikasugua asubuhi nzima mpaka ule weusi wote ukatoka.

"Bibi, nimetoa masizi yote!" nikamwambia.

Alipitisha kidole ndani ya kikaango, kisha akacheka hadi akakaa chini. "Mwanangu, umekichuna ngozi. Huo weusi ndio uliokuwa unazuia chakula kisishike."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alipomaliza kucheka uso wake ulibadilika. Binti yake angekuja Jumamosi kutoka Mombasa. Ndiye aliyemletea kile kikaango na jiko la umeme lenye uso wa kioo, na kila akipiga simu alisema mama hawezi tena kuishi peke yake na msichana wa kazi asiyejua kitu. Akikuta vitu vimeharibika, angemchukua. "Na mimi Mombasa sina jirani hata mmoja," akasema.

Akaniambia nilete kifuniko cha sufuria cha kioo, kilichokuwa na ufa tayari, tujaribie hapo ni kitu gani kingekwaruza kioo cha jiko. Tukaweka mchanga wangu kidogo, nikasugua kwa kitambaa chenye maji, nikasuuza, nikakiinua dirishani. Mistari ilikuwa imejaa! Tukajaribu unga wa kusugulia wa dukani upande mwingine. Mistari tena, ila myembamba. Tukajaribu soda ya kuokea. Hakuna kitu.

Nilibaki nimekishika kile kifuniko kama mtu aliyepigwa na butwaa. Mchanga wa mto wetu, ambao nimeukanyaga pekupeku maisha yangu yote, unakata kioo! Nilihisi kuuogopa na kuuheshimu kwa wakati mmoja.

Kisha bibi akanifundisha kwa vidole. Alifikicha kila unga kati ya kidole gumba na cha shahada. "Ukisikia chembe inakwaruza, hiyo ni ya sufuria peke yake," akasema. Waya nayo ikawa ya sufuria. Sinki ya chuma ilitaka sponji laini na sabuni ya maji, ukifuata mistari yake, usiizungushe. Vikaango vyeusi vilowekwe kwanza kwa maji ya vuguvugu. Kitambaa cha jiko kikae peke yake, maana kikishaokota chembe moja ya mchanga ni kama umeshika mchanga wenyewe. Haya yote aliyajua bila kuona vizuri. Nilimtazama mikono nikawa namwiga.

Jumamosi asubuhi, nikichemsha maziwa ya chai ya mgeni, yakafurika na kuungua juu ya kioo. Mkono wangu wenyewe ulikimbilia waya. Nikaurudisha.

Nilizima jiko, nikangoja lipoe kabisa, huku nikichungulia dirishani kila gari lilipopita nje. Nikapaka soda iliyokorogwa na maji kidogo, nikafunika kwa kitambaa kibichi. Baadaye nikakwangua taratibu kwa kadi ya benki ya bibi iliyokwisha muda, nikapangusa mara mbili. Bibi akaja akapapasa kioo chote, pembe hadi pembe. Kisha akanishika bega.

Binti alifika saa sita. Kabla hata ya kuvua viatu vizuri alikuwa jikoni. Aliinama mpaka jicho likawa sawa na kioo, akakitazama kwa mwanga wa dirisha. Kisha akafungua kabati na kutoa kikaango cheupe.

"Na hiki nani kakifanya hivi?"

"Ni mimi, dada," nikasema. "Nilidhani ni masizi. Sikujua. Sasa najua."

Alinitazama mimi, akatazama jiko tena, akatikisa kichwa huku kicheko kikimponyoka. Chai aliinywa vikombe viwili. Nilipotoka nje kumwaga maji, begi dogo alilokuja nalo tupu kwa ajili ya nguo za mama yake lilikuwa bado barazani, halijafunguliwa zipu.

Jioni binti alilibeba hivyo hivyo, tupu, hadi kwenye gari. Bibi alisimama mlangoni akimpungia mkono, mkono wa pili ukiwa umenishika mimi. Kikaango tulikifanya cha kunyweshea kuku.